Cheti cha Ukuta: Mhandisi wa Pili Anaposaini, Anasaini Nini?

"Tumekagua usanifu wa ukuta tajwa na tumeridhika kuwa ni salama na unafaa kwa matumizi yaliyokusudiwa." Chini ya sentensi hiyo kuna saini, muhuri na tarehe. Vyeti vya namna hii vinazunguka kwenye mafaili ya miradi mingi, na mwenye mradi akikipokea hupumua. Mhandisi mmoja amesanifu, mwingine asiyehusiana naye amehakiki, kazi iendelee.

Lakini jirani anayeishi chini ya ukuta huo akiomba kukisoma, hatapata humo jambo lolote la kushika. Cheti hakisemi ni ukuta wa michoro ipi, ile ya kwanza au ile iliyorekebishwa baada ya mwenye kiwanja kutaka uwanja upanuke. Hakisemi kama mhakiki alipiga hesabu zake mwenyewe au alipitia za mwenzake kwa macho. Hakisemi kama ukuta ulipimwa dhidi ya udongo mkavu tu au dhidi ya udongo ulioshiba maji ya masika pia. Neno "salama" limesimama peke yake, na siku mambo yakiharibika kila mtu atalisoma apendavyo.

Kuta za zege za kuzuia udongo ziko kila mahali penye miteremko, kuanzia Lushoto na Mbeya hadi Kigali na Bukavu, na nyingi zimebeba barabara au nyumba ya mtu mgongoni. Kwa hiyo inafaa mwananchi wa kawaida ajue cheti cha uhakiki huru kinapaswa kusema nini, kwa maneno gani, na kinaishia wapi. Ili tusizungumze hewani, tuchukue ukuta mmoja wa mfano na kuufuata mpaka kwenye saini.

Ukikatwa ubavuni, ukuta wetu una umbo la herufi T iliyopinduliwa. Kuna bamba la zege lililosimama, lenye unene wa sentimita 40, na kuna kitako kilicholala ardhini, chenye upana wa mita 3.1 na unene wa nusu mita. Sehemu ya kitako inayoingia nyuma, chini ya udongo unaozuiwa, huitwa kisigino, na ile inayotokeza mbele huitwa kidole. Udongo wa nyuma ni wa kichanga na umepanda mita 4 juu ya kitako. Juu yake inapita njia ya magari, ambayo msanifu ameihesabu kama mzigo wa tani 1 kwa kila mita ya mraba.

Udongo huo husukuma ukuta kwenda mbele kwa nguvu ya karibu tani 8 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Kinachoukinza ni uzito. Zege yenyewe pamoja na udongo uliokalia kisigino ni karibu tani 23 kwa kila mita, na msuguano kati ya kitako na ardhi unaweza kushikilia karibu tani 13 kabla ukuta haujaanza kuteleza. Tani 13 dhidi ya tani 8 ni akiba nzuri. Kwa miaka mingi wahandisi waliridhika na uwiano wa 1.5 kwa kuteleza, na huu unapita hapo. Kanuni za Ulaya zinazotumika sasa hupima akiba kwa njia nyingine, ila nazo ukuta huu unazitosheleza kwa kuteleza.

Mhakiki akiishia hapo na kuandika "ni salama", hajasema uongo. Ameacha tu kueleza ni katika hali gani.

Desturi ya kumtaka mhandisi wa pili asaini ilipata umbo lake la leo baada ya misiba. Mwezi Juni 1970 daraja la chuma la Cleddau, kule Milford Haven nchini Wales, lilianguka likiwa linajengwa na kuua watu 4. Oktoba ya mwaka huohuo daraja la West Gate mjini Melbourne, Australia, nalo likaanguka kabla ya kukamilika na kuua watu 35. Serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Merrison, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 1973, na moja ya mambo iliyoyataka ni usanifu wa madaraja makubwa uhakikiwe na wahandisi wasiohusika na usanifu wenyewe. Kutokana na hapo barabara kuu za Uingereza zikawa na utaratibu rasmi wa idhini ya kiufundi kwa madaraja na kuta za kuzuia udongo, ambao kwa sasa umo kwenye waraka unaoitwa CG 300. Wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea na kufanyia kazi viwango vya Uingereza, na ndiyo maana ninauchukua waraka huo kuwa kipimo.

Utaratibu huo una ngazi nne, kuanzia 0 mpaka 3. Kwenye ngazi za chini mhakiki anaweza kuwa mwenzake msanifu ndani ya timu moja. Ngazi ya 2 hudai timu nyingine, ingawa inaweza kutoka kampuni ileile. Ngazi ya 3, ya miundo mizito au isiyo ya kawaida, hudai kampuni nyingine kabisa. Kwenye uhakiki wa namna hiyo mhakiki hapewi hesabu za msanifu. Anapewa michoro, ripoti ya udongo na masharti ya usanifu yaliyokubaliwa, kisha anaanza upya kama vile hakuna aliyewahi kuugusa ukuta ule. Sababu yake ni rahisi. Mtu anayefuata hesabu za mwenzake mstari kwa mstari atakuta kujumlisha na kuzidisha ni sahihi, na hatagundua mzigo ambao haukuandikwa kabisa. Anayeanza na karatasi tupu hulazimika kujiuliza mwenyewe ni mizigo gani ipo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo cheti kinapaswa kulitaja ni namna uhakiki ulivyofanyika. "Tumepitia" na "tumehakiki kwa hesabu zetu wenyewe bila kutumia hesabu za msanifu" ni kazi mbili tofauti, na bei zake hazikaribiani. Mwenye mradi aliyelipia ya pili na kupokea cheti cha ile ya kwanza amepunjwa, hata kama ukuta utasimama miaka 100.

Mfano wa cheti cha Uingereza ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kiini chake ni kwamba wanaosaini wanathibitisha kuwa wametumia ujuzi na uangalifu unaostahili wa kitaaluma kwa lengo la kuhakikisha mambo machache: kwamba muundo umesanifiwa, au umehakikiwa, kwa kufuata viwango na masharti yaliyoidhinishwa kwenye waraka wa tarehe fulani, na kwamba usanifu huo umehamishwa kwa usahihi kwenye michoro ya ujenzi na jaduali za nondo, ambazo zote zimehakikiwa na namba zake zimeorodheshwa. Baada ya hapo ni jina, sifa za kitaaluma, cheo, saini na tarehe. Hakuna neno "salama" wala neno "dhamana". Nguvu yote iko kwenye viambatisho viwili: yale masharti yaliyoidhinishwa, na ile orodha ya namba.

Tuanze na masharti, na sharti linaloangusha kuta kuliko yote, yaani maji.

Zile tani 8 za msukumo zilihesabiwa kwa udongo usio na maji. Sasa chukulia kwamba mabomba ya kutolea maji yaliyopita ndani ya ukuta yameziba, au kokoto za kuchujia hazikuwekwa kwa sababu mkandarasi alirudishia udongo uleule aliochimba. Mvua inanyesha siku kadhaa mfululizo na maji yanajaa nyuma ya ukuta mpaka juu. Msukumo unapanda hadi karibu tani 15 kwa kila mita, kwa sababu maji husukuma kwa uzito wake wote ilhali udongo mkavu wa aina hii husukuma kwa theluthi tu ya uzito wake. Wakati huohuo maji yanapenya chini ya kitako na kukinyanyua, hivyo msuguano uliokuwa unashikilia tani 13 sasa unashikilia kama 10. Tani 15 zinasukuma, tani 10 zinazuia. Ukuta uleule, zege ileile, nondo zilezile, unateleza.

Kanuni ya Ulaya ya usanifu wa kijiotekniki inalijua hili. Kwa udongo usiopitisha maji haraka inataka kwa kawaida maji yahesabiwe kuwa yamefika juu kabisa ya udongo unaozuiwa, isipokuwa kama kuna mfumo wa kuaminika wa kuyatoa au namna ya kuyazuia yasiingie. Msanifu ana njia mbili: asanifu ukuta wa kuhimili maji yote, ambao utakuwa mnene na ghali, au ategemee mfumo wa kutoa maji. Wengi huchagua ya pili, na si kosa. Kosa ni cheti kunyamaza. Pale akiba yote ya ukuta inapotegemea mabomba na kokoto, cheti kinapaswa kutaja kiwango cha maji kilichohesabiwa, kutaja mchoro unaoonyesha mfumo wa kuyatoa, na kusema wazi kwamba uhakiki unategemea mfumo huo ujengwe na utunzwe. Sentensi hiyo moja ina faida kwa jirani wa chini kuliko muhuri wowote. Inamwambia nini cha kutazama: kama matundu ya ukuta yanatoa maji mvua ikinyesha, au yamekauka huku zege ya juu yake inaloana na kutoka madoa meupe.

Sharti la pili ni udongo wenyewe. Mhakiki hachimbi mashimo ya uchunguzi. Anapokea ripoti ya udongo iliyotengenezwa na mtu mwingine, na humo anachota uzito wa udongo, pembe ya msuguano, na uwezo wa ardhi kubeba kitako. Kwenye ukuta wetu ardhi iliyo chini ya kidole inabanwa kwa karibu tani 12 kwa kila mita ya mraba. Mchanga mgumu utabeba. Udongo wa mfinyanzi uliolainika huenda usibebe. Cheti kitaje ripoti hiyo kwa namba na tarehe, na kiseme kama mhakiki alizipima thamani zake au alizichukua kama zilivyo. Yote mawili yanakubalika, mradi msomaji ajue ni lipi.

Hapa pana pengo ambalo mara nyingi halina mwenyewe. Ukuta unaweza kuwa imara kila upande, usiteleze, usipinduke, usivunjike, na bado ukashuka mzimamzima pamoja na kipande cha mlima, kwa sababu mteremko wote umeporomoka kwa mstari unaopita chini kabisa ya kitako. Mhandisi wa miundo hudhani mhandisi wa udongo ameliangalia, na yule wa udongo hudhani hakuombwa. Cheti kizuri hakiachi dhana hapa. Kinasema uthabiti wa mteremko mzima umehakikiwa ndani ya cheti hiki, au kinasema umo kwenye cheti kingine chenye namba fulani. Ikiwa hakuna cheti kingine, mwenye mradi aambiwe kabla hajalipa.

Mpaka wa kazi unaweza kuua, na tukio linalolionyesha hilo vizuri zaidi ni la daraja la waenda kwa miguu karibu na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Florida, mjini Miami. Machi 15, 2018, likiwa bado linajengwa, liliporomoka juu ya barabara yenye magari na kuua watu 6. Usanifu wake ulikuwa umehakikiwa na kampuni nyingine na cheti kilikuwepo. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipochunguza, iligundua kwamba msanifu alikosea nguvu kwenye maungio ya daraja, na kwamba mhakiki hakulipiga kosa hilo kwa sababu alipima daraja lililokamilika tu, bila kupima hatua za ujenzi. Katika mazungumzo ya bei, gharama ya uhakiki ilishushwa kutoka dola 110,000 na wiki 10 hadi dola 61,000 na wiki 7. Daraja lilianguka katika hatua ambayo hakuna aliyeihakiki, na aliyesoma cheti asingeweza kujua hilo.

Ukuta nao una hatua zake. Udongo ukirudishwa nyuma kabla zege haijakomaa, au mtambo mzito wa kushindilia ukipita kando ya bamba, nguvu inayoupata siku hiyo yaweza kuzidi ile ya maisha yake yote. Kabla ya ukuta kuwepo, kuna mteremko uliokatwa wima ukisubiri nondo, na mafundi wako chini yake. Mara nyingi mkato huo ni kazi ya muda iliyo juu ya mkandarasi na ina uhakiki wake tofauti. Sawa, ila cheti cha ukuta kiseme hivyo kwa maneno yasiyohitaji mwanasheria: hatua hizi zimo, zile hazimo. Kile ambacho hakikuhakikiwa kiandikwe kwa wino uleule wa kile kilichohakikiwa.

Tugeukie orodha ya michoro, ambayo watu huichukulia kama kazi ya karani.

Hesabu za bamba letu zinadai nondo za milimita 16 kila baada ya sentimita 20, zilizosimama upande wa udongo, kwa sababu bamba likisukumwa mbele huo ndio upande unaovutika. Hesabu zikiwa sahihi kabisa bado mambo mawili yanaweza kuharibika kwenye karatasi. La kwanza, mchoraji aweke nondo kuu upande wa mbele, ule unaoonekana, ambako hazina kazi. La pili, jaduali ya nondo, ambayo ndiyo fundi huitumia kuagiza na kukata chuma, iandikwe milimita 12. Tofauti ya milimita 4 inaonekana ndogo, lakini nondo ya 12 ina chuma zaidi kidogo tu ya nusu ya kile cha nondo ya 16. Ukuta utajengwa kwa nusu ya nguvu yake, na aliyehakiki hesabu peke yake atakuwa amesaini kwa moyo safi.

Ndiyo maana maneno ya cheti cha Uingereza yanataja kuhamishwa kwa usanifu kwenye michoro na jaduali, na kusisitiza kwamba zote zimehakikiwa. Kufanya hivyo ni kukaa na mchoro mkono mmoja na jaduali mkono mwingine, ukihesabu kila alama ya nondo: kipenyo, idadi, umbali, umbo la mkunjo, urefu wa kupishana pale nondo za bamba zinapoungana na zile zilizotoka kwenye kitako. Mapishano yakiwa mafupi, ukuta hukatikia palepale kwenye shina lake, mahali penye nguvu kubwa kuliko pote. Hii ni kazi ya kuchosha, na mimi naiheshimu kuliko hesabu zenyewe.

Kila mchoro una namba na herufi ya toleo. Cheti kinataja vyote viwili, kwa sababu mchoro namba 03 toleo B na namba 03 toleo C ni kuta mbili tofauti mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maneno kama "michoro yote ya mradi" au "michoro ya hivi karibuni" yasikubalike kabisa. Ukitaka kujua haraka kama cheti kina maana, nenda kwenye eneo la ujenzi, tazama toleo lililobandikwa ukutani kwenye kibanda cha msimamizi, ulinganishe na orodha ya kwenye cheti.

Sasa maneno yenyewe ya ahadi. Wenye miradi wengi hutaka mhakiki aandike "tunadhamini kuwa ukuta ni salama", na wahakiki wazoefu hukataa. Kukataa kwao si ujanja. Mhandisi anaahidi kufanya kazi kwa ujuzi na uangalifu wa mtaalamu wa fani yake. Haahidi matokeo, kwa kuwa matokeo yanategemea pia udongo ambao hakuuona, zege ambayo hakuimwaga, na mabomba ambayo hatayazibua. Tena bima za taaluma kwa kawaida hazilipi dhamana ya matokeo. Aliyesaini dhamana hiyo amempa mwenye mradi karatasi isiyo na fedha nyuma yake.

Uzito wa maneno ulionekana kwenye kesi ya MT Højgaard na E.ON, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Agosti 2017. Mkandarasi alisanifu na kujenga misingi ya mitambo ya umeme wa upepo ya Robin Rigg, baharini kati ya Uskoti na Uingereza. Alifuata kiwango cha kimataifa alichotakiwa kukifuata, na usanifu ukapata vyeti. Baadaye ikagundulika kwamba kiwango chenyewe kilikuwa na kosa kwenye fomula moja, na thamani iliyotolewa ilipotoka kwa takriban mara 10. Misingi ikaanza kuteleza, na matengenezo yakagharimu zaidi ya euro milioni 26. Mkandarasi akajitetea kwamba alifuata kiwango kwa uangalifu. Mahakama ikasema mkataba ulikuwa na kifungu, kilichojificha ndani ya nyaraka za kiufundi, kinachotaka misingi isanifiwe kudumu miaka 20, na kifungu hicho kinambana hata kama kiwango kilikosea.

Mhakiki wa ukuta wetu anajifunza hapo kwamba sentensi moja iliyopenya kwenye cheti yaweza kubadili ahadi yake yote. Akiandika "ukuta utadumu miaka 50 bila matengenezo", ameahidi matokeo. Akiandika "ukuta umehakikiwa kwa masharti ya uimara ya kiwango fulani, kwa maisha ya usanifu ya miaka 50", ameeleza kazi aliyoifanya. Mwenye mradi naye ana lake la kuogopa upande wa pili. Maneno kama "kwa kadiri tujuavyo" au "kwa ujumla usanifu unaonekana kuridhisha" yanamwondolea mhakiki hata wajibu wa uangalifu. Cheti kinachofaa kinasimama katikati: hakidhamini, na hakikwepi.

Kwa ukuta wetu ningekiandika hivi:

"Cheti hiki kinatolewa kwa mwenye mradi, na kinahusu ukuta wa zege wenye nondo wa kuzuia udongo, wenye kimo cha udongo kisichozidi mita 4 juu ya kitako, kama unavyoonyeshwa kwenye michoro na jaduali za nondo zilizoorodheshwa hapa chini kwa namba na toleo.

Tunathibitisha kuwa tumetumia ujuzi na uangalifu unaostahili wa kitaaluma katika kuuhakiki usanifu huo. Uhakiki umefanyika kwa hesabu zetu wenyewe, bila kutumia hesabu za msanifu, kwa kufuata viwango na masharti ya usanifu yaliyokubaliwa kwenye waraka wa tarehe iliyotajwa. Tumehakiki kuteleza, kupinduka, uwezo wa ardhi chini ya kitako, nguvu ya zege na nondo, na upana wa nyufa. Tumehakiki pia kuwa usanifu umehamishwa kwa usahihi kwenye michoro na jaduali zote zilizoorodheshwa.

Thamani za udongo zimechukuliwa kama zilivyo kwenye ripoti ya uchunguzi iliyotajwa. Mzigo juu ya udongo ni tani 1 kwa mita ya mraba. Nyuma ya ukuta maji yamehesabiwa kutokuwepo juu ya kitako, kwa sharti kwamba mfumo wa kutoa maji ulio kwenye mchoro uliotajwa ujengwe na utunzwe. Ardhi ya mbele imehesabiwa kuweza kuchimbwa kwa bahati mbaya hadi sentimita 40.

Cheti hiki hakihusu uthabiti wa mteremko mzima, ambao uko kwenye cheti kingine kilichotajwa, wala mkato wa muda wakati wa ujenzi, wala usimamizi wa ujenzi. Mabadiliko yoyote kwenye nyaraka zilizoorodheshwa hayamo mpaka yahakikiwe na kutajwa kwenye cheti kipya."

Zile sentimita 40 si za kubuni. Kanuni ya Ulaya kwa ukuta wa namna hii inataka kuchukulia uchimbaji usiotarajiwa wa asilimia 10 ya kimo, usiozidi nusu mita. Fundi bomba anayekuja miaka 10 baadaye na sururu yake hasomi cheti, kwa hiyo msanifu na mhakiki humsubiri mapema.

Anayesaini ni mtu, kwa jina lake na namba yake ya usajili. Tanzania namba hiyo hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, na Kenya hutolewa na bodi ya huko, EBK. Zote mbili hutunza orodha ya wahandisi waliosajiliwa. Mhuri wa kampuni peke yake hautoshi, kwa kuwa kampuni haina macho ya kukagua nondo.

Sentensi ya mwisho ya cheti, ile ya mabadiliko, ndiyo inayosahaulika upesi. Chukulia kazi imeanza, na mwenye kiwanja anaomba udongo upande mita moja zaidi ili uwanja uwe sawa. Anaiona ni nyongeza ndogo, robo ya kimo. Lakini msukumo wa udongo hukua kwa mraba wa kimo, hivyo mita hiyo moja inauongeza kwa karibu nusu, na nguvu ya kupindua, inayokua kwa haraka zaidi, inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Msanifu anaweza kutoa toleo D siku hiyohiyo. Mhakiki anahitaji muda wa kupiga hesabu upya, na mpaka atakapotoa cheti kinachotaja toleo D, msimamizi wa ujenzi ana mamlaka ya kujenga toleo C tu.